Redio Ilipofundisha Uru: Nani Alisikia, Nani Alifuata?

Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa Korona kutangazwa nchini Tanzania, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule zote za awali, msingi na sekondari kwa siku 30. Siku hizo zikaongezwa. Kidato cha sita walirudi darasani Juni 1, na waliobaki wakasubiri hadi Juni 29. Kwa mtoto wa darasa la tatu hizo ni wiki 15 hivi bila mwalimu, bila ubao na bila kengele.

Pengo hilo lilitakiwa kuzibwa kwa njia ya hewani. Taasisi ya Elimu Tanzania iliandaa masomo, na TBC ikawa miongoni mwa vituo vilivyoyarusha redioni na kwenye runinga. Nchi jirani zilifanya hivyohivyo. Kenya, ambayo haikufungua shule zote hadi Januari 2021, ilitumia vipindi vya taasisi yake ya mitaala kupitia KBC. Uganda ilifunga shule kwa karibu miaka miwili na haikuzifungua kikamilifu hadi Januari 2022. Kila mahali redio ilitajwa kuwa tumaini la kijijini, na sababu ilikuwa ya wazi: ni nafuu, haihitaji bando, na ipo nyumbani.

Ipo nyumbani, ndiyo. Lakini mtafiti wa elimu haulizi redio iko wapi. Anauliza mtoto alifanya nini sauti ilipotoka, kisha alijua nini ambacho jana yake hakukijua. Kati ya kifaa kuwa mezani na mtoto kujifunza kuna ngazi nyingi, na hakuna mahali pazuri pa kuzipanda moja moja kama Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi.

Tuanze na majira. Shule zilifungwa masika yakianza. Kuanzia Machi hadi Mei mvua hushika Uru karibu kila siku, na nyumba nyingi zimeezekwa bati. Yeyote aliyekaa chini ya bati mvua kubwa ikipiga anajua kwamba hapo hata mtu wa upande wa pili wa meza husikilizani naye bila kupaza sauti. Mwalimu wa redio hawezi kurudia sentensi kwa sababu mvua imezidi Kishumundu. Mawingu hayohayo hupunguza nguvu ya paneli ndogo za sola, na nyumba inayotegemea sola kuchaji simu na taa itaanza kubana matumizi jioni ya siku ya tatu ya mawingu. Redio ya betri nayo inataka betri, na betri ni fedha.

Masika ni msimu wa kazi pia. Familia nyingi za mlimani zina kihamba cha migomba na kahawa nyumbani, na shamba la mahindi huko chini tambarare. Mvua zikianza, watu wazima hushuka kupanda na kupalilia, na mtoto ambaye haendi shule ni mikono ya bure. Ng'ombe wa zizini naye hali yake haibadiliki kwa sababu ya ugonjwa wowote. Majani yake lazima yakatwe na yabebwe. Kipindi cha saa nne asubuhi kinamkuta mtoto wa aina hii akiwa na panga mkononi, na kipindi hakimsubiri.

Halafu kuna umbo lenyewe la ardhi. Uru imekatwakatwa na mabonde marefu ambamo mito kama Rau hushuka kutoka msituni. Nyumba zimepangana juu ya migongo ya vilima na kwenye kingo za mabonde hayo. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hivyo kilima kikisimama kati ya mnara na nyumba, nyumba hiyo hubaki kivulini. Ndiyo maana mtu anaweza kusikia kituo safi akiwa kanisani juu ya kilima, akateremka kwake bondeni, umbali wa dakika chache tu kwa miguu, akapata mikwaruzo au kituo kingine kabisa. Mawimbi ya kati ya redio za zamani yalipinda na kuzunguka vilima vizuri zaidi, ingawa sauti yake haikuwa safi.

Wengi watasema siku hizi redio iko kwenye simu. Ni kweli, na hapo pana mtego mdogo ambao takwimu haziuoni. Simu nyingi hutumia waya wa visikizi kama antena ya FM. Bila visikizi hakuna matangazo, na ukivaa visikizi anasikia mtu mmoja, au wawili wakigawana sikio. Zaidi ya hayo simu ni ya mzazi. Mama akishuka sokoni Moshi na mkungu wa ndizi, shule imeshuka naye.

Hapo bado hatujagusa ratiba. Darasa la kwanza hadi la saba, pamoja na kidato cha kwanza hadi cha nne, ni madarasa 11. Ukilipa kila moja nusu saa tu kwa siku kwenye kituo kimoja, umeshatumia saa tano na nusu za matangazo, na taarifa ya habari na vifo havijapata nafasi. Kwa hiyo hata mtoto aliyesikia kila kitu kilichomhusu alipata sehemu ndogo ya siku yake ya shule. Familia yenye watoto watatu wa madarasa tofauti ilihitaji mtu wa kukumbuka nani anasikiliza saa ngapi, siku gani.

Watafiti huzipanga ngazi hizi kwa hesabu rahisi. Chukua watoto 100 wa kufikirika. Tarakimu hizi ni za kufundishia, si takwimu za Uru. Tuseme nusu yao wana redio inayofanya kazi: wanabaki 50. Kati ya hao, wanne katika kila watano wana betri au umeme na kituo kinashika: 40. Robo tatu ya hao wanajua ratiba: 30. Nusu wako huru saa hiyo: 15. Theluthi mbili ya hao wanasikiliza hadi mwisho na kufanya zoezi: 10. Hakuna ngazi hata moja iliyokuwa mbaya sana peke yake, lakini kutoka nusu ya nyumba zenye redio tumefika kwenye mtoto mmoja katika kumi. Ndiyo maana idadi ya redio nchini, ambayo hupendwa sana kwenye mikutano, haisemi lolote la maana kuhusu masomo. Shirika la UNICEF lilipopiga hesabu Agosti 2020, lilikadiria kwamba watoto wasiopungua milioni 463 duniani hawakuweza kufikiwa na elimu ya mbali. Hiyo ni ngazi ya kwanza tu, ya kufikiwa. Waliofikiwa na kisha wakaacha hawamo.

Sasa, utajuaje kwamba mtoto alifuata? Njia ya mkato ni kumuuliza mzazi kwa simu: je, mwanao anasikiliza vipindi? Mwaka 2020 tafiti nyingi zilifanyika hivyo kwa sababu hapakuwa na namna ya kwenda nyumba kwa nyumba. Kasoro zake ni mbili. Kwanza, anayepigiwa simu ana simu, na nyumba isiyo na simu, ambayo huenda ndiyo isiyo na redio, haimo kwenye jibu. Pili, mzazi wa Uru akiulizwa na mgeni mwenye sauti ya heshima kama mwanawe anasoma, atajibu ndiyo. Hadanganyi sana, anakumbuka Jumanne ile mtoto aliposikiliza, na anaona aibu kusema kwamba wiki iliyofuata walikuwa shambani.

Mtafiti makini humuuliza mtoto mwenyewe, na humuuliza vitu vinavyoweza kuhakikiwa: kituo gani, saa ngapi, somo la mwisho lilihusu nini. Huomba daftari na kutazama tarehe. Humpa swali moja lililotoka katika kipindi cha juzi. Kisha hutia swali la mtego: hutaja kipindi ambacho hakijawahi kurushwa na kuuliza kama alikisikia. Watoto wanaosema ndiyo kwa kipindi ambacho hakikuwepo wanampa mtafiti kipimo cha adabu, na kipimo hicho kinaweza kupunguzwa kwenye majibu mengine. Nchini Botswana, ambako Noam Angrist, Moitshepi Matsheng na wenzao walipima hesabu kwa njia ya simu wakati shule zimefungwa, mtoto alitakiwa aeleze alivyopata jibu, ili lisiwe la kaka aliyekaa pembeni.

Hata ukishajua nani alifuata, bado hujajua redio ilifanya nini. Mtoto aliyesikiliza kila siku ana uwezekano mkubwa wa kuwa na mzazi aliyesoma, meza, taa na dada wa kidato cha tatu. Angepata alama nzuri hata bila redio. Kumlinganisha na yule wa panga na majani ya ng'ombe, kisha kuisifia redio kwa tofauti iliyopo, ni kosa ambalo limejaa katika ripoti za kipindi kile.

Utafiti uliokwepa kosa hilo ulifanywa Sierra Leone. Nchi hiyo ilikuwa na uzoefu wa masomo ya redio tangu Ebola ilipofunga shule zake, na ilirudisha vipindi mwaka 2020. Lee Crawfurd, David Evans, Susannah Hares na Justin Sandefur walichukua wanafunzi zaidi ya 4,000 wa shule za msingi za serikali na kuwagawa kwa bahati nasibu. Baadhi walipigiwa simu na mwalimu kila wiki ili kuwasaidia kufuata masomo ya redio, wengine hawakupigiwa. Kwa kuwa bahati nasibu haimjui mzazi aliyesoma, tofauti yoyote kati ya makundi ilitokana na simu. Waliopigiwa walisikiliza redio zaidi kidogo na kujishughulisha zaidi kidogo na masomo. Mitihani ilipofika, alama zao za hesabu na lugha hazikuwatofautisha na wenzao.

Matokeo hayo yanastahili kusomwa polepole. Jitihada ilifaulu kuongeza usikilizaji, ikashindwa kuongeza maarifa. Kule Botswana, ambako mwalimu wa simu alifundisha tendo moja la hesabu kwa wakati, na kwa baadhi ya watoto akianzia pale mtoto alipo, ujumbe wa maandishi peke yake haukufua dafu, lakini ukiambatana na simu ulileta nafuu iliyopimika. Kwa maoni ya mwandishi, tofauti iko katika nani aliyekuwa akimfuata mwenziwe. Kipindi cha redio cha darasa la nne huenda mbele kwa mtaala, awepo mtoto aliyekwama kwenye kutoa kwa kuazima au asiwepo.

Redio inayomsubiri mtoto ajibu si jambo jipya. Kati ya 1974 na 1979, nchini Nikaragua, kundi la Chuo Kikuu cha Stanford akiwemo Jamesine Friend lilitengeneza masomo ya hesabu ya redio ambayo hadi leo ni mfano wa fani. Mtangazaji hakuhutubia. Aliuliza, akanyamaza, watoto wakajibu kwa pamoja au wakaandika, kisha akatoa jibu sahihi; na mchezo huo ulirudiwa tena na tena ndani ya kipindi cha nusu saa, mwalimu akiwa chumbani. Urefu wa ule ukimya ulipimwa darasani. Ukiwa mfupi, watoto wanyonge hunyamazishwa na jibu kabla hawajafikiri. Ukiwa mrefu, darasa huanza kucheza. Wachunguzi walikaa madarasani na kuandika ni maswali gani yalijibiwa na wengi na yapi yaliangukia kimya, na vipindi vilivyofuata vikarekebishwa. Walipolinganisha madarasa kwa bahati nasibu, kuongeza vitabu kulipandisha alama kwa takriban theluthi moja ya kipimo cha mtawanyiko wa alama, na masomo ya redio yakazipandisha kwa kipimo kimoja na nusu hivi. Ni tofauti ambayo ni nadra kuonekana katika utafiti wa elimu.

Zanzibar iliichukua mbinu hiyo katikati ya miaka ya 2000 kwa vipindi vya Tucheze Tujifunze, vilivyolenga watoto wadogo wa awali na wa madarasa ya mwanzo. Katika vijiji visivyo na shule ya awali jirani, watoto walikusanyika kwenye vituo vya jamii wakiwa na mtu mzima wa kuwaongoza, wakaimba, wakahesabu vijiti na kuruka pale redio iliposema waruke. Redio ilifundisha, mtu mzima akahakikisha kwamba aliyejikunyata kona naye amejibu.

Na kabla ya hapo Tanzania Bara ilikuwa imewafundisha watu wazima kwa namna hiyohiyo, kwa kiwango ambacho nchi chache zimekifikia. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwafikia watu wapatao milioni 2. Hawakuachwa kila mmoja na redio yake. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kwanza, vijitabu vikasambazwa, na kila wiki kikundi kikakaa, kikasikiliza, kikasoma kwa sauti, kikajadili, kisha kikaamua la kufanya, kama kuchimba choo au kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Aliyekosa redio alisikiliza kwa jirani. Kikundi kilichokosa matangazo kilikuwa na kitabu.

Mwaka 2020 kilichoondolewa ni kikundi hasa. Ugonjwa ulikataza mkusanyiko, na bila mkusanyiko redio ilibaki na sehemu ambayo tangu mwanzo haikuwa na nguvu peke yake. Kulaumu Taasisi ya Elimu kwa hilo ni kuonea, maana vipindi vilitengenezwa kwa haraka ambayo watu wa Nikaragua hawakuwahi kuijua. Wao walikuwa na miaka ya kujaribu na kufuta. Lakini ni haki kusema kwamba somo lililorekodiwa mwalimu akieleza kwa nusu saa bila kumpa msikilizaji nafasi ya kujibu ni mhadhara, na mtoto wa miaka tisa hafuati mhadhara hata akiwa na redio mpya na betri mbili za akiba.

Wapo wanaodhani mitihani ya taifa inaweza kutupa jibu. Mtihani wa darasa la saba wa 2020 ulisogezwa hadi Oktoba, na ufaulu ukawa asilimia 82.68, juu kidogo ya asilimia 81.50 ya mwaka uliotangulia. Ukiisoma tarakimu hiyo haraka utasema kufunga shule hakukuumiza mtu, au kwamba redio ilifanya miujiza. Haionyeshi lolote kati ya hayo. Watahiniwa walirudi darasani zaidi ya miezi mitatu kabla ya mtihani, maswali hayakuwa yaleyale ya mwaka wa nyuma, na mtoto wa darasa la pili aliyesahau kusoma silabi hamo kwenye hesabu hiyo.

Hata hivyo mlima wenyewe unatoa njia ya kupima ambayo tambarare haina. Mchumi Benjamin Olken, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, alitumia milima ya Java huko Indonesia kupima jinsi runinga na redio zilivyobadili maisha ya jamii. Vijiji viwili jirani, vyenye watu wa aina moja, vilitofautiana kwa jambo moja: kilima kilizuia mawimbi ya kimoja na kuyaacha ya kingine. Kilima hakikuchagua wazazi waliosoma. Kilifanya kazi ya bahati nasibu.

Uru ina vivuli vya namna hiyo kutoka Shimbwe hadi Materuni. Nyumba za pande mbili za mgongo mmoja husali kanisa moja, huuza ndizi soko moja, na huenda hupeleka watoto shule moja. Mtafiti mwenye redio ndogo na ramani anaweza kutembea na kuandika ni wapi kituo kilichorusha masomo kinashika na wapi hakishiki, kisha alinganishe alama za watoto wa pande hizo mbili. Atatakiwa kuwa mwangalifu. Nyumba za bondeni pengine ziko mbali zaidi na barabara, na hilo peke yake linaweza kuathiri masomo. Kwa hiyo atalinganisha nyumba zenye umbali unaofanana. Ataangalia pia alama za mwaka 2019, wakati hapakuwa na masomo ya redio. Kama watoto wa bondeni walikuwa nyuma hata wakati huo, basi kilima hakina hatia. Na mnara ukihamishwa au kituo kikibadili masafa, kipimo cha leo hakitakuwa cha 2020, hivyo itabidi atafute minara ilikuwa wapi miaka ile.

Baraza la Mitihani huchapisha matokeo ya darasa la nne na la saba kwa kila shule, ya kabla na ya baada ya Korona. Hayaonyeshi mtoto anatoka bonde gani, na shule iliyo juu ya kilima hupokea watoto wa mabonde mawili, kwa hiyo wastani wa shule utaficha mengi. Orodha za wanafunzi na vijiji vyao ziko kwenye madaftari ya mahudhurio ya shule zenyewe. Mjini Moshi kipo Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge, kinachofundisha walimu, na wanafunzi wake hutafuta mada za utafiti kila mwaka. Kutoka hapo hadi bonde la Rau ni safari fupi ya daladala. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza Machi 2020 sasa ni kijana mwenye umri wa kueleza mwenyewe kama kituo kilishika nyumbani kwao, nani alishika simu, na mvua ilipopiga bati walifanya nini.